Jogoo wa Shangazi na Jiwe la Sagalassos

Mjumbe alifika saa moja asubuhi, daftari kwapani. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele, mimi nimekaa kwenye kigoda nasubiri chai. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, kisha mjumbe akafungua daftari. Kulikuwa na ugeni unakuja kijijini Alhamisi, magari manne, na kila nyumba ilikuwa imepangiwa kitu.

"Wewe mama, jogoo mmoja na mchele kilo mbili."

Shangazi hakuinua kichwa. "Wanalipia?"

"Ni wageni wa serikali, mama."

"Nimesikia. Nauliza kama wanalipia."

Mjumbe akacheka kidogo, cheko la mtu asiyependa kazi aliyopewa. Akaandika jina la shangazi, mbele yake akaandika *jogoo 1, mchele 2*, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Jioni jogoo akakamatwa, akafungwa miguu, akapelekwa.

Nilirudi mjini na jambo hilo kichwani. Jogoo mmoja si kitu, na shangazi mwenyewe hakulalamika zaidi ya hapo. Ila lile swali lake nilikuwa nimelisoma mahali. Nililisoma kwenye jiwe lenye umri wa miaka elfu mbili.

Jiwe lenyewe

Kusini-magharibi mwa Uturuki, juu ya milima ya Tauro, kuna magofu ya mji uitwao Sagalassos. Msomaji wa Biblia anaijua nchi hiyo kwa jina la Pisidia, ndiyo njia aliyopita Paulo akipanda kutoka Perge kwenda Antiokia. Katika eneo la mji huo lilipatikana jiwe lenye tangazo la gavana wa Kirumi, limechongwa kwa Kilatini, na chini yake maneno yaleyale kwa Kigiriki ili wenyeji waelewe. Mwanahistoria Stephen Mitchell alilichapisha mwaka 1976.

Gavana aliitwa Seksto Sotidio Strabo Libuskidiano. Alitawala Galatia, mkoa wa Kirumi ambao Pisidia ilikuwa ndani yake, mwanzoni mwa enzi ya Kaisari Tiberio, muda mfupi baada ya Augusto kufariki mwaka 14 na kutangazwa kuwa mungu. Anaanza kwa namna iliyonishangaza. Anasema ni jambo lisilo la haki kabisa kwamba yeye, kwa tangazo lake, akaze katazo la jambo ambalo Makaisari wawili wameshalizuia kwa uangalifu mkubwa. Jambo lenyewe ni watu kutumia mikokoteni ya wenyeji bila kulipa. Lakini, anasema, utovu wa nidhamu wa baadhi ya watu unadai adhabu ya papo hapo.

Kwa hiyo ameweka orodha katika kila mji na kila kijiji: nani anadaiwa nini, na nani ana haki ya kukichukua.

Nilipolisoma mara ya kwanza, miaka iliyopita, nililipita haraka. Wakati ule nilichokipenda kwa Warumi ni barabara zao. Nilikariri upana wake, mawe ya maili yake, jinsi zilivyokata milima. Barabara ya Sebaste ilijengwa katika nchi hiyohiyo mwaka 6 KK kuunganisha makoloni ya wanajeshi wastaafu aliyoyaanzisha Augusto, na hadi leo vipande vyake vinaonekana, vipana kiasi cha magari ya kukokotwa kupishana. Niliona barabara. Sikujiuliza mnyama anayelivuta gari juu ya barabara hiyo ni wa nani.

Sasa, baada ya jogoo, nililisoma tena polepole.

Mikokoteni kumi

Watu wa Sagalassos, linasema jiwe, wanatakiwa kuwa na mikokoteni kumi na nyumbu kumi kwa ajili ya wapitao wenye shughuli ya lazima. (Nyumbu ninayemsema si yule wa Serengeti. Ni yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike, watu wa Pwani wanamwita baghala.) Wanyama hao wawafikishe wasafiri hadi Kormasa upande mmoja na Konana upande wa pili. Hapo mzigo unahamia kwa mji mwingine, nao unaupeleka mbele hadi mpaka wake. Dola nzima ilisafiri hivyo, ikipokezwa mkono kwa mkono.

Augusto hakuanza hivyo. Mwandishi Suetonio anaeleza kwamba mwanzoni aliweka vijana kando ya barabara za kijeshi, kwa umbali mfupi mfupi, wapokezane barua. Baadaye akabadili, akaweka magari, mjumbe mmoja asafiri njia nzima. Sababu yake ni ya mtawala hasa: mtu aliyetoka mwanzo wa safari anaweza kuhojiwa. Barua ina maneno yaliyoandikwa tu. Mjumbe ameona kambi, amesikia minong'ono, anajua gavana alikuwa na uso gani alipotia muhuri.

Kwa mpango huo, habari ya kawaida ilisafiri kilometa 70 au 80 kwa siku. Ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja aliyekaa Roma kuamua jambo la mlimani Pisidia.

Lakini ona gharama imekaa wapi. Hazina ya Kaisari haikununua nyumbu hata mmoja kati ya hao kumi. Haikuwalisha wakati wa kiangazi wala haikumlipa mtu wa kuwachunga. Sagalassos ndiyo iliyowaweka tayari, iwe wageni wamekuja au hawakuja.

Bei imeandikwa

Hapa nilisimama, kwa sababu jiwe linalipa.

Mkokoteni mmoja ni asi kumi kwa kila skeno. Asi ni sarafu ndogo ya shaba, 16 kati ya hizo zilifanya dinari moja, na skeno ni kipimo cha mwendo kilichotumika nchi za Mashariki. Nyumbu mmoja ni asi nne kwa skeno. Kama wenyeji wanapenda kutoa punda, punda wawili wanahesabiwa sawa na nyumbu mmoja, kwa bei ileile. Na kama mji hautaki kabisa kufanya kazi hiyo, unaruhusiwa kuulipa mji mwingine uifanye badala yake.

Kisha inakuja orodha ya wenye haki. Msimamizi wa mali za Kaisari, pamoja na mwanawe, ana haki ya mikokoteni hadi kumi. Seneta, kumi pia. Mtu wa daraja la wapanda farasi aliye katika utumishi wa Kaisari anapata mitatu. Akida, yaani mkuu wa askari mia, ni mkokoteni mmoja, au nyumbu watatu, au punda sita. Anayetaka zaidi ya kiwango chake akodi kwa bei anayoitaja mwenye mali. Na anayesafirisha nafaka au bidhaa kwa faida yake mwenyewe hapati kitu.

Niliposoma hayo nilibadilika. Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa Sotidio.

Niliona mtu anayejaribu. Hakusema "wapeni wageni heshima inayowastahili", maneno ambayo kila mwenye njaa anaweza kuyatafsiri apendavyo. Alitaja idadi, akataja bei, akataja mwisho wa safari. Akaandika kwa lugha mbili. Mwenye punda wa Sagalassos angeweza kumpeleka akida mbele ya jiwe, akamwonyesha kwa kidole: wewe ni mkokoteni mmoja, na skeno ni asi kumi. Nilimfikiria shangazi akiwa na jiwe la namna hiyo pale ofisi ya kijiji, limeandikwa *magari manne, watu kumi na wawili, jogoo mmoja shilingi kadhaa*.

Nikafikiri, hivi ndivyo sheria inavyofika kijijini. Inafika kama orodha ya bei.

Hesabu haikukaa sawa

Kilichoniharibia raha hiyo ni kalamu na karatasi.

Chukua akida mmoja. Amefika Sagalassos akielekea Konana, anataka mkokoteni. Tuseme safari yake ni skeno tano, nimechukua namba hiyo ili kurahisisha hesabu. Atalipa asi hamsini. Mkokoteni ukiwa haupo, apewe nyumbu watatu: mara nne ni asi kumi na mbili kwa skeno, jumla sitini. Punda sita inakuja sitini vilevile. Kwa hiyo akida mwenye akili atadai mkokoteni, ambao ni nafuu, na mkokoteni ndio unaoumia kwenye njia ya mlima.

Hilo dogo. Kubwa ni hili: asi kumi ni nini kwa mtu wa jeshi?

Tunajua, kwa bahati ya ajabu, na tunajua kwa wakati uleule. Augusto alipokufa mwaka 14, lejioni, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi, zilizokuwa Panonia, mpakani mwa mto Danube, ziliasi. Mwanahistoria Tasito ameandika malalamiko yao. Roho na mwili wa askari, walisema, vinathaminiwa kwa asi kumi kwa siku, na humo humo ajinunulie nguo, silaha na hema, na humo humo apate cha kuwahonga maakida wasimpige wala wasimpe kazi ngumu. Walichodai kilikuwa dinari moja kwa siku.

Asi kumi kwa siku.

Asi kumi kwa mkokoteni kwa skeno moja.

Gavana aliweka bei ya haki kwa mwenye mkokoteni, na bei hiyo ilimeza mshahara wa siku nzima wa askari kabla hajafika hata robo ya safari. Ni kweli askari wa kawaida hakuwemo kwenye orodha ya wenye haki ya mkokoteni. Lakini njiani hao ndio wengi, na hao ndio wenye panga. Ana mzigo, amechoka, mshahara wake umekatwa kila upande. Mbele yake kuna mkulima na punda.

Epikteto, mwanafalsafa aliyezaliwa utumwani si mbali na nchi hiyo ya Pisidia, anawapa wanafunzi wake ushauri kuhusu dakika hiyo hasa. Askari akimkamata punda wako, mwache amchukue, usimzuie wala usinung'unike. Ukimzuia utapigwa, na punda atakwenda vilevile. Alikuwa anafundisha uhuru wa moyo, na mfano aliouchagua ni ule ambao kila aliyemsikiliza aliujua.

Wagiriki walilichukua neno la kitendo hicho kutoka kwa Waajemi waliotawala kabla yao: angareia. Ndilo limo ndani ya Mathayo 5:41, kwenye mstari tuliokariri sote Jumapili: "Na mtu atakayekulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili." Nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi kuwa ni habari ya moyo wa kujitolea. Waliousikia mara ya kwanza walijua sura ya mtu anayelazimisha, na walijua amevaa nini.

Kwa nini hawakuacha?

Hapa ndipo niliposhikwa kwa wiki kadhaa. Makaisari walijua. Hakuna anayeweza kusema hawakuambiwa.

Klaudio, kwenye maandishi yaliyopatikana Tegea nchini Ugiriki, ya mwaka 49 au 50, anakiri kwa maneno ambayo watawala hawayasemi mara nyingi: amejaribu mara kwa mara kuipunguzia miji ya Italia na ya mikoa mzigo wa usafiri, alidhani amepata dawa nyingi, na bado dawa hizo zimeshindwa kuutosheleza uovu wa watu. Domitian alimwandikia msimamizi wake wa Siria kwamba mtu asichukuliwe mnyama wala asidaiwe malazi bila hati yenye idhini ya Kaisari. Nerva aliuondoa mzigo huo Italia, akapiga sarafu mwaka 97 ionyeshe nyumbu wawili wanakula majani, gari limeachwa nyuma yao. Ni sarafu nzuri sana, nyumbu wametulia kabisa.

Ila sarafu inasema Italia. Mikoani nyumbu waliendelea kuvuta.

Nilitafuta jibu kwenye ukali, nikafikiri Warumi walipenda kuonea. Halikutosha, kwa sababu mtu anayependa kuonea hachongi bei ya punda kwenye jiwe. Jibu nililoishia nalo linahusu hesabu ya watu. Kwa makadirio ya wanahistoria, dola ile ilikuwa na watu milioni 50 au zaidi, na maofisa wakubwa waliotumwa kutoka Roma kuitawala, nchi zote pamoja, hawakufika mia mbili. Gavana wa Galatia alikuwa na wasaidizi wachache, makarani, walinzi, na watumwa wa Kaisari na huria wake, yaani watumwa walioachwa huru, walioshughulikia fedha. Hakuwa na wizara. Hakuwa na polisi wa wilaya.

Kodi ya ardhi na kodi ya kichwa ilikusanywa na mji wenyewe. Roma ilihesabu watu na mashamba, ikautajia mji kiasi chake, na wakubwa wa mji wakajua namna ya kukipata. Usafiri ulikwenda kwa njia hiyohiyo: mikokoteni kumi, tafuteni wenyewe. Nani hasa atatoa mkokoteni wake wakati wa kupanda, jiwe halisemi. Hilo liliachwa mikononi mwa baraza la mji, na kila aliyekaa kijijini anajua daftari la namna hiyo huanza kuandikwa nyumba gani na huruka nyumba gani.

Jeshi nalo lilikuwa mbali. Mwaka 23, kwa orodha ya Tasito, lejioni zote zilikuwa 25, na karibu zote zilikaa mipakani au kwenye nchi zenye wasiwasi: nane mtoni Rhine, nne Siria, mbili Misri. Galatia haimo kwenye orodha hiyo. Kilichoifanya Galatia itii ni barabara inayofika Siria, pamoja na uhakika kwamba ikibidi lejioni itapita hapo, na itakapopita italala kwa mtu na kula kwa mtu.

Uhakika huo ulikuwa na bei, na tunaijua bei yake kabla hata ya zama za Makaisari. Mwanasiasa wa Kirumi Cicero alipokwenda kutawala Kilikia mwaka 51 KK, alikuta miji tajiri ilizoea kutoa fedha nyingi isipangiwe askari wa kulala kwao msimu wa baridi. Watu wa Saiprasi peke yao walikuwa wakitoa talanta 200 za Kiatika. Walilipa jeshi lisije. Cicero anajisifu kwa rafiki yake kwamba wasaidizi wake hawachukui hata majani ya farasi wala kuni, wanaomba vitanda vinne na paa tu, na mara nyingine wanalala hemani. Anaisimulia kama habari mpya, na nadhani kweli ilikuwa mpya.

Kwa hiyo sheria, barabara, jeshi na kodi, vitu nilivyofundishwa shuleni kama nguzo nne zilizosimama mbalimbali, kwa mwenye punda wa Sagalassos vilikuwa kitu kimoja. Vilikuja siku moja, kwa mtu mmoja, vikasimama mlangoni.

Kuuondoa mzigo ule kungetaka Kaisari anunue wanyama, ajenge mazizi, aajiri wachungaji katika dola nzima. Angetoa wapi fedha? Kwenye kodi ya watu walewale. Nilifika hapo nikakwama, na sijioni kama nimetoka. Labda kodi ya fedha ingekuwa ya haki zaidi, maana ingegawanywa kwa wote, hata wasiokaa kando ya njia. Labda ingeliwa kabla haijafika zizini.

Hati ya mke wa gavana

Njia waliyoitegemea kuzuia uonevu ilikuwa hati. Waliiita diploma, karatasi iliyokunjwa mara mbili, neno lilelile ambalo leo tunalitundika ukutani baada ya mahafali. Anayesafiri kwa kazi ya dola anapewa hati, anaionyesha, anapewa mnyama. Asiye na hati anatembea kwa miguu yake.

Plinio Mdogo alipokuwa gavana wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, miaka ya 110 hadi 112 hivi, alimwuliza Kaisari Traiano kama hati zilizopitwa na tarehe bado ziheshimiwe. Traiano alijibu hapana, na kwamba ni desturi yake kutuma hati mpya kila mkoa kabla hazijahitajika. Ofisi iliyopangika. Hati zina tarehe, zina idadi, na anayezitoa ni mmoja.

Barua ya mwisho ya Plinio kwa Traiano iliyotufikia inahusu hati hizo hizo. Babu wa mkewe amefariki Italia. Mke anataka kuwahi kwa shangazi yake aliyefiwa. Plinio amempa hati ya dola asafiri nayo. Anajua si kazi ya dola, anaungama, anasema kuchelewa kungeondoa maana yote ya kwenda kumfariji mtu. Traiano anajibu kwa upole: umefanya vema, hukukosea kuwa na imani nami.

Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe kwa msiba ningefanya hivyo. Na shangazi wa mtu ni shangazi wa mtu.

Lakini barua hizo mbili zimetajwa kwa karne nyingi kama mfano wa utu, na hakuna anayemtaja mwenye nyumbu. Alitazama karatasi. Ilikuwa halali, tarehe haijapita, muhuri ni wenyewe. Hakuwa na namna ya kujua kwamba ni msiba wa familia, na hata angejua, angesema nini kwa mke wa gavana? Hapa ndipo hati inapoonyesha mpaka wake. Inamzuia mdogo asiyekuwa nayo. Anayezigawa hazuiliwi na kitu, ila dhamiri yake na barua ya kujieleza baada ya safari kuanza.

Maji ya moto ya Skaptopara

Sasa vuka zaidi ya miaka mia mbili tangu Sotidio, uende Thrakia, Bulgaria ya leo. Mwaka 238 wanakijiji wa Skaptopara walimwandikia Kaisari Gordiano wa Tatu, kijana aliyekuwa ametoka tu kupewa kiti.

Kijiji chao, wanasema, kinapendeza. Kina chemchemi za maji ya moto. Kiko katikati ya kambi mbili za jeshi. Maili mbili kutoka kwao kuna gulio maarufu linalokaa siku kumi na tano. Zamani hayo yote yalikuwa baraka, na kijiji kilikua. Kisha wageni wa gulioni, badala ya kukaa kule siku zao, wakawa wanakuja kijijini kudai malazi na chakula bila fedha. Askari waliotumwa kwingine wanaacha njia zao wanapita kwao. Magavana wanakuja kuoga, na wasimamizi wa Kaisari pia. Hao wakubwa, wanasema wanakijiji, tunawapokea kwa kuwa ni lazima. Wengine hatuwawezi.

Walishalalamika. Magavana walitoa amri kijiji kisisumbuliwe, amri zikabandikwa. Zikafuatwa kwa muda. Kisha watu wakazoea kuzipita.

Wakamaliza kwa jambo pekee walilokuwa nalo mkononi: tukizidi kulemewa, tutahama makwetu, na hazina itapata hasara kubwa kabisa. Hapakuwa na tishio la panga. Walitaja kodi. Walijua vizuri kabisa sikio la dola liko wapi.

Barua ilipelekwa na mwenzao mmoja, Piro, mwenye ardhi kijijini hapo aliyekuwa askari wa walinzi wa Kaisari huko Roma. Nimemfikiria sana Piro. Jeshi lililokuwa linawala ndilo lililowapa mtu wa kuwafikisha kwa Kaisari.

Na Kaisari alijibu. Jibu lilibandikwa Roma, kwenye baraza la mabafu ya Traiano, pamoja na majibu mengine. Kwa ufupi: malalamiko ya namna hii mnapaswa kuyapeleka mbele ya gavana.

Gavana yuleyule. Yule anayekuja kuoga.

Wanakijiji walifanya nini na jibu hilo? Walilinakili, nakala ikathibitishwa na mashahidi, wakarudi nayo Thrakia, wakalichonga kwenye jiwe pamoja na malalamiko yao yote, Kilatini kwa Kigiriki. Mwanzoni niliona ni kitu cha kusikitisha, kutumia fedha kuchonga jibu lisilosema kitu. Sasa sioni hivyo. Juu ya jiwe kuna jina la Kaisari, chini yake kuna kila kitu walichotendewa, kimepangwa kwa utaratibu. Askari mgeni anayesoma kwa haraka anaona jina la juu kwanza.

Simu

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Baada ya salamu nikamweleza habari ya Sagalassos, nikifupisha, nikamsomea sehemu ya mwisho ya tangazo: kwamba wasaidizi wa gavana, askari kutoka mikoa yote, na huria na watumwa wa Kaisari, walazwe bure pamoja na wanyama wao, lakini vitu vingine wasivitoze bila malipo kwa watu wasiotaka.

Akanyamaza kidogo. "Wasiotaka," akarudia. "Na huyo mgeni alikuwa anauliza kama mtu anataka?"

Nikamwambia jiwe halisemi nani aulize.

Nikamuuliza ugeni wa Alhamisi ile uliishaje. Magari yalikuja mawili, akasema, na hawakukaa kula, walikuwa wana haraka ya kuwahi kijiji cha mbele. Jogoo aliliwa na waliompika.

"Basi akurudishie mjumbe angalau mchele."

"Ah, mjumbe naye katumwa." Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenikumbusha kuzima jiko, kwamba ile siku aliandika nyuma ya kalenda: tarehe, jogoo mmoja mwekundu, mchele kilo mbili, na jina la aliyekuja kuchukua.

Kalenda ya mwaka imekwisha, lakini hajaitoa ukutani.